Mkono Unaotangulia Haja: Hofu ya Kumtegemea Mwenza Baada ya Kugundulika Ugonjwa wa Parkinson

Mtu anapoambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, swali analolificha kwa daktari na kurudi nalo nyumbani mara nyingi halihusu kifo, kwa kuwa ugonjwa huu hauui upesi. Linahusu ni nani atakayemfunga vifungo vya shati, atakayemkatia nyama sahanini na, siku moja, atakayemwogesha. Jibu analolijua kabla hajauliza ni mume au mke wake, na jibu hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mhadhara huu unaiangalia hofu hiyo ndani ya ndoa za Tanzania, na hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya utegemezi unaoogopwa, hasa katika miaka ya mwanzo, huletwa na hofu yenyewe kupitia dawa inayocheleweshwa, saa ya kumeza inayokosewa na msaada wa mwenza unaofika kabla haujahitajika.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu na tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817. Chanzo chake ni kufa taratibu kwa chembe hai zilizo katika eneo dogo lenye rangi nyeusi kwenye shina la ubongo, chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza dopamini, yaani kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuuendesha bila mtu kuufikiria. Dopamini inapopungua, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa na, lililo zito kuliko yote kwa maisha ya kila siku, mwendo huwa wa polepole na mdogo: hatua hufupika, sauti hufifia, mwandiko husinyaa. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika muongo wa kwanza wa karne hii waligundua kwamba wengi wa waliokuwa na ugonjwa huu hawakuwahi kuambiwa na mhudumu yeyote wa afya kwamba wanao, na kwamba wanakijiji waliuita tu ugonjwa wa kutetemeka, wakiuhesabu kuwa uzee au kuushuku kuwa mkono wa mtu. Anayepata jina sahihi la ugonjwa wake amekwisha kupiga hatua ambayo wengi hawakuifikia, ingawa kwake yeye, siku hiyo, jina hilo halifanani na bahati.

Hatua ya kwanza ya hofu huonekana kwenye dawa. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini, na ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 imebaki kuwa tiba yenye nguvu kuliko nyingine zote za ugonjwa huu. Miongoni mwa wagonjwa, na hata miongoni mwa baadhi ya waganga, imeenea imani kwamba dawa hii ina akiba ya miaka michache, kwamba anayeianza mapema ataimaliza mapema, na kwa hiyo mtu mwenye busara huiweka kando hadi hali iwe mbaya kabisa. Imani hiyo hupata nguvu kutoka kwa hofu inayojadiliwa hapa, maana mgonjwa hujiambia kwamba anaitunza dawa ili miaka ya mbele asije akawa mzigo kwa mkewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao kwa sababu ya uhaba na gharama walianza levodopa wakiwa wameugua kwa zaidi ya miaka minne, na wagonjwa wa Italia walioianza mapema zaidi. Matatizo yajulikanayo ya dawa hii, yaani nguvu yake kuisha kabla ya dozi inayofuata na mwili kujinyonganyonga wenyewe, yaliwafikia wote kulingana na umri wa ugonjwa, si kulingana na muda wa kutumia dawa. Waghana waliochelewa hawakupata faida yoyote kwa kuchelewa kwao. Kadhalika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2019, likiwa na wagonjwa 445, lilionyesha kwamba walioanza dawa mara moja na walioanza wiki 40 baadaye hawakutofautiana mwishoni; tofauti ni kwamba wale wa pili waliishi wiki hizo wakiwa na mwili mzito pasipo sababu.

Inafaa kugusia kwa kupita kwamba mbegu za upupu, mmea ule ule unaowasha ngozi na ambao kila mtoto wa shamba anaujua, zina levodopa ya asili kwa wingi. Wapo wanaosikia habari hiyo na kuanza kujisagia unga. Ubaya wake ni kwamba kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na anayechanganya unga huo na vidonge huweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuona vitu visivyokuwapo, huku daktari akitafuta chanzo mahali pengine.

Kidonge kinapoanza kutumiwa, jambo la pili hujitokeza, nalo ni saa. Kidonge cha kawaida huwa na miligramu 100 za levodopa pamoja na miligramu 25 za kabidopa, dawa saidizi inayoizuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini kabla ya kufika ubongoni, jambo ambalo lingeleta kichefuchefu kikali. Kikimezwa tumbo likiwa tupu, kidonge hiki huanza kufanya kazi baada ya muda wa kati ya nusu saa na saa nzima. Kikimezwa pamoja na maharage, nyama, samaki au maziwa, huweza kuchelewa sana au kutofanya kazi kabisa, kwa sababu protini ya chakula, ikishasagwa tumboni, hupita katika mlango ule ule ambao levodopa huutumia kuingia mwilini na kuingia ubongoni, na katika msongamano huo dawa hushindwa. Ndiyo maana hushauriwa kimezwe kiasi cha nusu saa kabla ya chakula, au zaidi ya saa moja baada yake. Familia isiyolijua jambo hili humwona mgonjwa ameganda baada ya chakula cha mchana na kuamua kwamba ugonjwa umepanda, ilhali kilichopanda ni sahani ya maharage.

Hapo na uwekwe mfano, ambao ni wa kutungwa lakini hauna jambo lisilotokea majumbani. Mwalimu mstaafu wa miaka 62, mkazi wa Moshi, anaishi na mkewe ambaye ni fundi cherehani. Amegundulika mwaka mmoja uliopita. Mkono wake wa kulia ndio ulioanza kuwa mzito. Huamka saa 12 asubuhi, hujaribu kuvaa ili awahi ibada, kisha hunywa chai ya maziwa, na baada ya chai humeza kidonge cha kwanza. Vifungo saba vya shati humchukua dakika kumi na mbili, na cha mkono wa kushoto, kinachohitaji kufungwa na vidole vya kulia peke yao, humshinda kabisa. Mkewe, ambaye ana wateja wanaosubiri nguo, husimama mlangoni akimwangalia kwa dakika mbili, kisha humfunga vyote kwa muda usiozidi dakika moja. Anafanya hivyo kwa upendo, na hakuna anayeweza kumlaumu. Baada ya miezi mitatu mwalimu hajaribu tena. Hunyoosha mikono tu akishaamka. Mwezi wa nne mke anamvisha soksi, mwezi wa tano anamkatia chapati, na mwezi wa sita mwalimu, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa kuwa mtoto mkononi mwa mkewe, anajiona ametimiziwa hofu hiyo na kuhitimisha kwamba ugonjwa wake unakimbia.

Kinachopaswa kupimwa katika nyumba hiyo ni kitu kimoja rahisi: vifungo vile vile huchukua muda gani saa 4 asubuhi, wakati kidonge kimeshika? Ikiwa saa 12:30 huchukua dakika kumi na mbili na saa 4 huchukua dakika tatu, basi vidole vya mwalimu bado vina uwezo wake, na kilichokosewa ni mpangilio wa asubuhi, kwa maana anavaa katika saa ambayo dawa ya usiku imekwisha na ya asubuhi haijaingia, na inapoingia inakutana na maziwa ya chai. Rekebisho halihitaji dozi mpya wala daktari mwingine. Kidonge na kikombe cha maji huwekwa kando ya kitanda tangu usiku, mwalimu hukimeza saa 11:30 alfajiri bila kuinuka, hulala tena au husali akiwa kitandani, na saa 12:30 huanza kuvaa akiwa ameketi. Chai hufuata baada ya hapo. Siku chache za kuandika kwenye daftari saa ya kidonge, saa ya chakula na dakika za vifungo zitatosha kuonyesha kama dhana hiyo ni kweli. Na ikiwa muda wa saa 4 nao ni dakika kumi na mbili, hapo ndipo dozi inapohitaji kuangaliwa upya na daktari, akiwa na daftari hilo mbele yake.

Tofauti iliyomo katika mfano huu inastahili majina. Haja ni kile ambacho mwili hauwezi kukifanya hata katika saa yake nzuri. Utegemezi wa mazoea ni kile ambacho mwili unakiweza, ila umeacha kukifanya kwa sababu mkono mwingine ulitangulia. Haja hukua na ugonjwa na haizuiliki kwa ubishi, lakini utegemezi wa mazoea hukua na haraka ya asubuhi, na katika ugonjwa wa Parkinson unadhuru kuliko katika maradhi mengine mengi, kwa kuwa mwendo usiofanywa hupungua upesi na kuurudisha ni kazi ngumu. Kanuni inayowafaa wenza wengi ni kwamba mgonjwa ndiye anayeomba, na kwamba anapoomba hapewi zaidi ya alichoomba: kifungo cha mkono wa kushoto kifungwe, sita vilivyobaki viachwe. Ni kanuni ngumu zaidi kwa mwenza kuliko kwa mgonjwa, maana kusimama na kumwangalia umpendaye akihangaika na kifungo ni adhabu, na anayetazama kwa nje huweza kudhani ni ukatili.

Ugonjwa huu una hila nyingine inayoyafanya mambo hayo kuwa magumu zaidi, nayo ni uso. Misuli ya uso nayo huwa mizito, hata uso ukabaki umetulia kama kinyago wakati moyo una furaha au shukrani. Mke aliyemfunga kifungo hungoja tabasamu, halipati, na husikia badala yake neno lililotamkwa kwa sauti ya chini isiyo na mawimbi. Huhitimisha kwamba mumewe amekasirika au amemdharau. Mume, ambaye moyoni ameshukuru na anaamini ameonyesha, huona mke amenuna na kuhitimisha kwamba amechoka naye. Hivyo hofu ya kuwa mzigo hupata ushahidi ambao kwa kweli ni wa misuli tu, na ndoa ya miaka thelathini hugombana kwa sababu ya nyusi zisizoinuka. Wanandoa walioelezwa jambo hili mapema hujizoeza kusema kwa maneno kile ambacho zamani kilisemwa na uso.

Upande wa fedha na madaraka hofu huvaa sura ya kisheria, na hapa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 63 kinajulikana kwa kumpa mume wajibu wa kumtunza mke, yaani chakula, mavazi na makazi, lakini kifungu hicho hicho kinampa mke mwenye uwezo wajibu wa kumtunza mume ambaye, kwa maradhi au majeraha ya mwili au ya akili, ameshindwa kujipatia riziki kikamilifu au kwa sehemu. Mwalimu wa mfano, anayeona aibu kwamba cherehani ya mkewe ndiyo inayonunua vidonge, hapokei fadhila, kwa kuwa sheria iliihesabu hali yake kuwa sehemu ya ndoa tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo sheria haimsaidii dirishani benki, ambako mwandiko uliosinyaa humfikia kabla ya mapungufu mengine mengi. Sahihi yake hailingani tena na ile ya kwenye kadi, mhudumu anaikataa, na mstaafu anarudi nyumbani akiwa ameambiwa mbele ya foleni kwamba yeye si yeye. Kwenye simu, kidole kinachotetemeka hubonyeza tarakimu moja mara mbili na namba ya siri hufungwa. Njia ya mkato inayotumika ni kumpa mwenza namba ya siri, na hiyo ndiyo hatua inayomgeuza mtu kuwa tegemezi kwelikweli, kwa sababu baada ya hapo haoni tena kinachoingia wala kinachotoka. Zipo hatua za katikati ambazo hufaa zifanywe mapema, wakati mkono bado unaandika: kuomba benki isajili sahihi mpya fupi pamoja na alama ya dole gumba, kufungua akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja hupokea taarifa zake, au kumpa mwenza hati ya uwakilishi iliyoandikwa mbele ya wakili, inayotaja ni mambo gani anaweza kuyafanya kwa niaba ya mgonjwa na yapi hawezi. Anayetoa mamlaka kwa maandishi na kwa mipaka amebaki kuwa mtoaji.

Kuna jambo la mila linalofanya hofu hii imlenge mwenza peke yake. Katika jamii nyingi za Tanzania, bara na pwani, heshima huwazuia mkwe na watoto wa jinsia nyingine kuuona mwili wa mzazi, kwa hiyo kazi ya kumwogesha au kumsaidia msalani hubaki kwa mtu mmoja tu katika nyumba iliyojaa watu. Shambani, sokoni na hospitalini wasaidizi ni kumi. Bafuni ni mmoja. Kwa mwanamume mgonjwa, mmoja huyo ni mke ambaye tangu zamani amelea wagonjwa. Kwa mwanamke mgonjwa hali hubadilika, kwa kuwa mume wake huenda hajawahi kumwogesha mtu, na ukoo hutarajia dada zake au mama yake waje, au yeye apelekwe kwao. Hofu yake basi huwa na ncha mbili: kumtegemea mume asiyezoea, na kurudishwa kwao kwa jina la kupumzishwa, akiacha nyuma nafasi ambayo mwingine anaweza kuijaza. Mwanamke wa namna hiyo huficha dalili kwa muda mrefu zaidi, huchota maji kwa mkono mmoja na kusema ni baridi yabisi, na hufika kliniki akiwa amechelewa. Kigoda imara cha kuogea, mpini wa chuma uliopigiliwa ukutani pa bafu na kata yenye mpini mrefu hugharimu kidogo na huweza kumwahirishia haja hii kwa miaka. Ni ajabu kwamba vitu hivi hununuliwa baada ya kuanguka.

Ipo pia misaada inayotolewa kwa nia njema na kuangusha. Mgonjwa anapofika mlangoni au kwenye kona nyembamba, miguu yake huweza kuganda sakafuni ghafla huku kiwiliwili kikiendelea kusogea mbele. Mwenza humshika mkono na kumvuta, na hapo ndipo wote wawili huanguka, kwa kuwa kuvuta kunakisogeza kifua wakati nyayo zimebaki. Afanyacho mwenza mwenye ujuzi ni kusimama naye, kunyamaza kidogo, kumwacha auhamishe uzito wake kushoto na kulia, kisha kuweka mguu wake mwenyewe mbele ya ule wa mgonjwa ili auvuke, au kuhesabu moja, mbili, tatu. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua kwa mazoea huweza kuianzisha kwa kulenga kitu kinachoonekana au mdundo unaosikika, na ndiyo sababu vipande vya utepe wenye rangi kali vikibandikwa sakafuni kizingitini hufanya kazi ambayo mkono wenye nguvu haukuiweza. Anguko la mara kwa mara, hasa katika mwaka wa kwanza, si kawaida ya ugonjwa huu na linapaswa kumfanya daktari auulize upya utambuzi wake. Vivyo hivyo hali inayoharibika ghafla ndani ya siku chache, ambayo pengine hutokana na maambukizi au na sindano ya metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayojulikana sana kwa jina la Plasil, ambayo huizuia dopamini na haimfai mgonjwa huyu.

Hayo yote hayaufuti ukweli kwamba kwa wengi haja halisi itakuja, miaka mingi baadaye, na kwa baadhi itakuja pamoja na usahaulifu. Huanza usiku. Kugeuka kitandani ni mwendo unaouhitaji mwili mzima kwa wakati mmoja, tena katika saa ambazo dawa imekwisha, na mgonjwa anayeogopa kumwamsha mwenzake hulala chali hadi alfajiri, akiamka na mgongo uliokakamaa au shuka lililolowa. Msaada unaotakiwa hapo ni mdogo kuliko anavyodhani: kitambaa laini kinachoteleza kikitandikwa chini ya nyonga, magoti yakunjwe kwanza, yaangushwe upande, mkono ufuate, na mwenza asukume nyonga mara moja tu kwa kiganja. Daktari akiongeza kidonge kinachoachia dawa polepole usiku, hata huo msukumo mmoja mara nyingi hupungua. Wanandoa wengine huona ni afadhali vitanda viwili vikae chumba kimoja, vikitenganishwa na nafasi ya kupita mtu, kengele ndogo ikiwa juu ya meza, ili mke apate usingizi wake hadi saa 11:30, wakati kikombe cha maji kinaposikika kikigusana na sahani yake upande wa pili.